Mistari miwili, dawa kamaliza, homa bado ipo: pale maelezo mepesi yanapokwama

Alhamisi asubuhi mama anarudi kliniki na mtoto wake wa miaka minne, kilo 15. Jumatatu mtoto alipimwa malaria kwa kipimo cha haraka, mistari miwili ikatokea, akapewa dawa mseto. Vidonge viwili kila dozi, dozi sita, ya mwisho jana usiku. "Daktari, dawa amemaliza na hakutapika hata moja, lakini usiku kucha mwili ulikuwa unawaka." Kipimajoto kinasoma 38.9.

Nimewafundisha matabibu wanafunzi kwa miaka kadhaa, na kisa cha namna hii ndicho ninachokitumia kuwaonyesha wembe wa Ockham, ile kanuni ya kutoongeza sababu pasipo ulazima, unavyokata, na unavyomkata anayeushika vibaya. Karibu wote hujibu kwa namna moja: malaria imekuwa sugu, tubadilishe dawa. Jibu hilo lina mvuto wake. Ni ugonjwa mmoja, tayari una kipimo kilichokubali, na unaeleza homa ya Jumatatu na ya leo kwa pamoja. Anayesema mtoto alikuwa na masalia ya malaria ya zamani na sasa ana ugonjwa mwingine kabisa anaonekana anatunga hadithi ndefu pasipo sababu.

Basi tuutafute ubovu kama fundi anavyoutafuta, dalili kwa dalili.

Dalili: maelezo moja yanatosha kila kitu, ila mgonjwa haponi

Chanzo cha kwanza cha kuchunguza ni kipimo chenyewe. Vipimo vingi vya haraka tunavyotumia huku havimtafuti kimelea mwenyewe. Vinatafuta protini anayoiacha kwenye damu, inayoitwa HRP2. Kimelea akifa leo, protini yake inaweza kubaki kwenye damu wiki mbili, tatu, hata zaidi ya mwezi, na muda wote huo mstari utaendelea kutokea. Kwa hiyo mistari miwili inasema "malaria imepita humu siku si nyingi". Haisemi "malaria ndiyo inayoleta homa hii". Na katika maeneo yenye malaria nyingi wapo watu, wakiwemo watoto, wanaotembea na vimelea bila kuumwa kwa sababu mwili umeshajenga kinga kiasi.

Swali la kumuuliza mama ni fupi: "Mama, mwezi huu au uliopita alitibiwa malaria popote, hata dawa ya dukani?" Mama wa kisa chetu anafikiri kidogo, kisha anasema ndiyo, wiki tatu zilizopita, alipokuwa kwa bibi yake. Jumatatu hakuna aliyemuuliza.

Sasa tuhesabu, maana hapa ndipo mjadala wa wepesi na uzito wa maelezo unapoacha kuwa mapambo. Namba nitakazotumia ni za mfano. Tuseme kliniki yetu iko eneo lenye malaria nyingi na imepokea watoto 1,000 wenye homa. Kati yao 300 homa yao ni malaria kweli. Wengine 700 wana mambo mengine, na 100 kati yao wana nimonia. Tuseme pia kwamba mtoto mmoja kati ya watano asiyeumwa malaria bado atatoa mstari, ama kwa masalia ya protini, ama kwa vimelea visivyomsumbua.

Wote wenye mistari miwili wanapewa dawa mseto. Siku ya nne wanarudi wale ambao homa haijaisha. Malaria halisi ambayo dawa imeshindwa, tukikadiria 5 katika kila 100, ni watoto 15. Wenye nimonia ambao mstari uliwatokea kwa bahati tu ni 20, na hao hakuna aliyewapa dawa ya nimonia, kwa hiyo karibu wote watarudi. Ishirini kwa kumi na tano. Ile "hadithi ndefu" yenye mambo mawili imelipita jibu jepesi lenye jambo moja, kabla hata hatujamgusa mtoto.

Imewezekanaje? Ni kwamba mwanafunzi alihesabu magonjwa, na alichotakiwa kuhesabu ni uwezekano. Maelezo yenye vitu viwili hugharimu sana pale kila kitu kinapokuwa adimu. Kimoja kikiwa cha kawaida kama mstari wa HRP2 kwenye eneo la malaria, kukiongeza kwenye maelezo ni karibu bure. Maelezo yenye kitu kimoja nayo yanaweza kuwa ghali, iwapo kitu hicho kimoja ni nadra, na mtoto aliyemeza dozi zote kwa usahihi kisha dawa ikashindwa ni nadra.

Hamisha kliniki hiyohiyo uipeleke Zanzibar, ambako maambukizi ya malaria kwa jumla yamekaa chini ya asilimia 1 kwa miaka mingi. Huko mstari wa bahati, tuseme, unamtokea mtoto mmoja kati ya 100, na wenye nimonia na mstari kwa pamoja hawatakuwa 20 tena, atakuwa mmoja. Lakini malaria halisi nayo ni nadra huko, kwa hiyo hata wale 15 wanapungua, na hesabu nzima lazima ianze upya. Dalili ni zilezile, kipimo ni kilekile, ila uzito wa kila maelezo umebadilika. Ndiyo maana sipendi mtu akiniambia "chagua lililo jepesi" bila kunitajia yuko wapi.

Namna ya kuwatenganisha wapinzani wawili

Hesabu ya 20 kwa 15 haimtibu mtu. Imetuambia tu kwamba hakuna mwenye haki ya kushinda bila kushindana. Kinachofuata ni kutafuta kitu ambacho maelezo mawili yanakitabiri tofauti.

Mfunue mtoto kifua akiwa ametulia, ikiwezekana akiwa amepakatwa na mama yake, na uhesabu pumzi kwa dakika nzima. Usihesabu kwa sekunde 15 kisha uzidishe kwa nne. Mtoto hapumui kama saa ya ukutani, na kosa dogo unalizidisha nalo. Kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano, pumzi 40 au zaidi kwa dakika ni za haraka. Wetu ana 52. Angalia pia sehemu ya chini ya kifua: je, inabonyea ndani anapovuta hewa? Kwake inabonyea kidogo.

Mwanafunzi mkali ataniwahi hapa: malaria nayo inaweza kumfanya mtoto apumue haraka, kwa kuishiwa damu au damu kujaa tindikali. Kweli kabisa, na ndiyo maana pumzi za haraka peke yake hazimalizi kesi. Lakini zinaipimia mizani. Kati ya watoto wetu 20 wenye nimonia, karibu wote watakuwa na pumzi za haraka. Kati ya wale 15 ambao dawa imeshindwa, tuseme watatu. Sasa tuko 20 kwa 3. Ukiangalia viganja na ndani ya kope na kukuta wekundu mzuri, hata hao watatu wanapungua, maana njia ya kuishiwa damu imefungwa.

Kisha slaidi. Hapa wengi huharibu kwa kurudia kipimo cha haraka. Usikirudie. Siku tatu baada ya kuanza dawa kinaweza kutoa mistari miwili hata kama damu haina kimelea hata mmoja, na jibu hilohilo litatoka kwa mpinzani yeyote aliye sahihi. Kipimo ambacho matokeo yake ni yaleyale kwa pande zote mbili hakipimi kitu. Omba slaidi ya tone nene, asomwe kimelea kwa hadubini, na mtaalamu wa maabara apitie angalau sehemu 100 kabla ya kuandika kwamba hakuna. Usugu ukiwa ndio sababu, vimelea lazima vionekane. Na jambo hili si la kudharau: usugu wa kiasi dhidi ya dawa za jamii ya atemisinini, ambao huchelewesha vimelea kuisha, umeshathibitishwa Rwanda, Uganda na mkoani Kagera.

Slaidi ya mtoto wetu inarudi safi. Soma kwa uangalifu inachosema. Haisemi kwamba Jumatatu hakuwa na malaria, kwa sababu dawa mseto ingeweza kuvisafisha vimelea kufikia leo. Inasema kwamba homa ya leo haisukumwi na malaria. Hivyo "usugu" umeanguka, na swali la kama Jumatatu kulikuwa na malaria ya kweli au masalia ya kwa bibi litabaki bila jibu. Halitubadilishii matibabu, tuliache. Mtoto anapewa amoksilini, vidonge vitatu vya miligramu 250 mara mbili kwa siku kwa siku tano, na mama anaelezwa arudi mara moja akiona hanyonyi wala kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege au amelegea haamki vizuri.

Dalili: maelezo mepesi yanakosea miaka na miaka, na hakuna anayeshtuka

Mtu atauliza kama kosa hili ni la kweli au ni la darasani. Utafiti uliofanywa katika hospitali mbili za Moshi uliwafuata wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa kali. Madaktari waliandika malaria kwa asilimia 60.7 kati yao. Vipimo makini vilipofanywa, malaria ilikuwa sababu kwa asilimia 1.6, yaani watu 14. Bakteria wanaotoka kwa wanyama, kama wa leptospira, homa ya Q na bruselosi, walipatikana kwa wagonjwa 118. Wengi wetu magonjwa hayo tunayajua kwa majina ya mtihani tu.

Mbona daktari anayekosea kwa kiwango hicho hashtuki? Kwa sababu homa nyingi huisha zenyewe. Mgonjwa ana virusi, anapewa dawa ya malaria, siku ya tatu yuko mzima, na kila mtu anasema dawa imefanya kazi. Katika kliniki yetu ya mfano wapo watoto 120 wa namna hiyo: hawana malaria wala nimonia, mstari umewatokea, wamemeza dawa, na wengi wao watapona. Kila mmoja wao anaondoka akiwa ushahidi wa uongo kwamba jibu jepesi lilikuwa la kweli. Wale 20 wa nimonia wanaorudi wanaonekana kama bahati mbaya chache.

Njia ya kuugundua ugonjwa huu wa kufikiri ni kujiuliza: kama maelezo yangu yangekuwa ya uongo, ningeona nini tofauti na ninachokiona? Ukijibu "hakuna", basi kupona kwa mgonjwa hakujakuthibitishia lolote.

Dalili: karatasi ya maabara imerudi na magonjwa matatu

Hapa kosa limegeuka, na wembe unahitajika. Kila anayeishi huku ameiona karatasi hiyo: malaria, taifodi na maambukizi ya njia ya mkojo, yote kwa mtu mmoja, yote leo, na mfuko wa dawa unaotosha familia. Baada ya yote niliyosema juu, mtu anaweza kudhani nitaisifu karatasi hii kwa kuwa haikubana maelezo. Hapana.

William wa Ockham, mtawa wa Kifransisko kutoka Uingereza aliyefariki mwaka 1347, aliandika kwamba wingi usiwekwe pasipo ulazima. Watu hushika neno "wingi" wakasahau "ulazima". Ugonjwa wa pili unaruhusiwa kuingia kwenye maelezo ukileta kazi yake: uwe unaeleza jambo ambalo wa kwanza umeliacha, na uwe na ushahidi wake wenyewe. Nimonia ya mtoto wetu ilileta pumzi 52 na kifua kinachobonyea, vitu ambavyo mstari wa malaria haukuvieleza. Taifodi ya kwenye karatasi mara nyingi haileti kitu. Imetokana na kipimo cha Widal kilichofanywa mara moja tu, ambacho hutafuta kingamwili, na kingamwili hizo zinaweza kuwa za ugonjwa wa zamani au za bakteria wengine wanaofanana. Utafiti wa watoto 1,005 wenye homa uliofanywa Dar es Salaam na Ifakara ulikuta taifodi kwa asilimia 3.7 tu. Malaria ilikuwa asilimia 10.5. Lakini utafiti huohuo ulikuta kwamba asilimia 22.6 ya watoto walikuwa na ugonjwa zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja, jambo ninalomwonyesha kila mwanafunzi anayetaka kunichukulia aya hii kama ruhusa ya kurudi kwenye ugonjwa mmoja kwa kila mgonjwa.

Kwa vitendo, chukua karatasi na kalamu. Andika malalamiko na ulichokiona kwa mgonjwa, kisha mbele ya kila kimoja andika ugonjwa gani unakieleza. Ugonjwa ambao ukiufuta hakuna mstari unaobaki wazi, na ambao kipimo chake peke yake hakiaminiki, ufute. Kwa njia ya mkojo, usikubali seli chache za usaha kwenye mkojo uliokingwa ovyo. Uliza kama anasikia maumivu akikojoa, na ukiweza pata mkojo wa katikati uoteshwe.

Dalili: hujui hata umehesabu ugonjwa mmoja au mitatu

Mtu mzima anakuja na utandu mweupe mdomoni, kikohozi cha wiki tano na makovu ya mkanda wa jeshi yaliyopona mwaka jana. Ni magonjwa matatu, na chanzo chake kinaweza kuwa kimoja, VVU. Hapa mpenda wepesi na mpenda wingi wote wana haki, kwa kuwa kila mmoja anahesabu ngazi tofauti. Magonjwa ya namna hii hayaji kwa kujitegemea, kwa hiyo ile hesabu ya kuzidisha uwezekano wa kimoja kwa wa kingine haifai. Ukishajua mtu ana VVU, kifua kikuu hakiwi tena bahati mbaya ya kushangaza. Ni cha kutafutwa siku hiyohiyo.

Hatari ni kuridhika. Daktari wa Marekani, John Hickam, husimuliwa akisema kwamba mgonjwa ana haki ya kuwa na magonjwa mengi kadiri apendavyo, na wenye kinga iliyoshuka huitumia haki hiyo kuliko wengine. Umepata kifua kikuu kwenye makohozi, umefurahi, maelezo yametimia. Lakini amelalamika pia kuhusu kichwa kinachouma wiki mbili. Ukisema "ni kifua kikuu hichohicho" bila kuchunguza maji ya uti wa mgongo, au angalau antijeni ya fangasi aitwaye kriptokoka kwenye damu, unaweza kumwanzishia dawa za kufubaza virusi akiwa na fangasi kwenye utando wa ubongo. Kinga inaporudi kwa kasi hupambana na fangasi hao mahali pasipo na nafasi ya kuvimba. Ndiyo maana kwa homa ya uti wa mgongo ya kriptokoka dawa hizo husubiri wiki nne hadi sita, muda ambao kwa mgonjwa wa kifua kikuu cha mapafu peke yake hatuusubiri.

Dalili: ni saa nane usiku, hadubini haina mtu, na mtoto anapumua 60

Hapa achana na shindano. Kuchagua maelezo ni kazi moja, kuchagua matibabu ni nyingine. Kama malaria kali na nimonia kali zote bado zinawezekana na huna cha kuzitenganishia, unatibu zote mbili: atesuneti ya sindano na antibayotiki ya sindano, oksijeni iwapo kipimo cha kidoleni kinasoma chini ya 90, na gari la rufaa liitwe. Slaidi ichukuliwe kabla ya sindano ya kwanza na ikaushwe, iandikwe jina na saa, ili asubuhi atakayeisoma aweze kukwambia kama vimelea vya malaria vilikuwepo.